Karatasi 12 za kutoa mzigo Mombasa, na zile ambazo meli ikishaondoka ni ngumu kuzipata

Ami yangu anauza mashine za boti hapa Amu. Alipoleta kontena la futi 20 kutoka Jebel Ali, bandari ya Dubai, simu yake haikulala wiki tatu. Wakala wa forodha, kijana aliye Mombasa, anaandika: "Ami, invoisi bado." Ami anajibu: "Nilikutumia juzi, angalia juu." Kijana: "Ile ni profoma, ami. Nataka ya mwisho." Kisha ami anatuma voisi ya dakika nne ambayo ndani yake hamna invoisi.

Mzigo ulipotoka nilikaa na ile simu nikasoma kutoka ujumbe wa kwanza. Karatasi zilizokuwa zikitafutwa ni 12 tu, ila kila moja iliombwa mara tatu au nne, nyingine kwa majina mawili tofauti. Tangu hapo jamaa na majirani wanaotaka kuagiza mali huniuliza maswali yale yale, nami nimechoka kuyajibu barazani. Nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa kuyafanya.

Jambo moja ulielewe kabla hujaendelea. Karatasi hizi hazilingani. Zipo ambazo ukizisahau utaziomba kesho na kuzipata. Zipo pia ambazo kazi yake hufanyika mzigo ukiwa bado ghalani kwa muuzaji, na meli ikishang'oa nanga huwezi kuzipata kwa njia ya kawaida. Ami alihangaika kutafuta za aina ya kwanza, kumbe iliyomgharimu ni moja ya aina ya pili.

Kabla hujaanza

Uwe na PIN ya KRA inayofanya kazi, na uamue mapema ni PIN ya nani itakayotumika: yako binafsi au ya biashara. Jina lililo kwenye PIN hiyo ndilo litakaloandikwa kila mahali. Hapa mjini mtu hujulikana kwa lakabu, na muuzaji wa Dubai ambaye mmefanya naye biashara miaka ataiandika lakabu hiyo kwenye invoisi kwa mapenzi kabisa. Mfumo wa forodha hauijui lakabu yako.

Uwe na wakala mwenye leseni ya mwaka huu. Leseni za mawakala wa forodha huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo aliyekuhudumia vizuri mwaka jana muulize tena, na jina la kampuni yake ulitafute katika orodha ya mawakala ambayo KRA huitoa. Mtu anayekwambia atatumia leseni ya mwenzake, muage kwa heshima.

Mwisho, jua mzigo utashukia wapi. Bandari ya Lamu kule Magogoni ilizinduliwa Mei 2021, na watu wengi hapa hudhani kontena lao litashuka hapo, mlangoni kwao. Hilo lategemea kampuni ya meli na ratiba yake. Kama kampuni yako haiji Lamu, mzigo utashuka Mombasa, na kisanduku cha `Port of Discharge` kwenye hati ya meli lazima kiseme Mombasa. Ami alimwambia muuzaji "mzigo ni wa Lamu", naye akaandika Lamu kwenye rasimu. Bahati njema wakala aliiona mapema.

Hatua

1. Kusanya karatasi zako tatu. Cheti cha PIN, cheti cha usajili wa biashara, na barua ya kumpa wakala idhini ya kutoa mzigo kwa niaba yako. Barua iwe na jina la biashara, jina la kampuni ya wakala, mzigo unaohusika, sahihi na muhuri. Usiandike barua ya jumla isiyo na tarehe ya mwisho, kwa sababu anayeishika anaweza kuitumia kwa mzigo usioujua, kwa PIN yako. Hizi tatu ni kazi ya siku moja.

2. Pata profoma iliyoandikwa sawasawa. Profoma ni ahadi ya bei kabla ya mauzo. Mawakala wengi huitazama kwa haraka, lakini mimi naamini hapa ndipo mzigo hutengenezwa au huharibika, maana karatasi zinazofuata hunakili kutoka hapa.

Profoma ya kwanza ya ami ilikuwa na mistari miwili: "engines" na "spare parts". Maneno hayo hayamwelezi mtu wa forodha chochote. Mashine ya boti inayofungwa nyuma ina namba yake ya ushuru, 8407.21. Injini ya gari ya petroli iko kwenye kundi hilo hilo la 8407 lakini kwa namba nyingine. Rafadha zina yao, 8487.10, na kamba za nailoni zimo kwenye 5607. Muuzaji akiandika "engines" tu, mkaguzi anabaki na hiari ya kuamua ni injini gani, na hiari hiyo huitaki iwe yake.

Mwambie muuzaji aandike kila bidhaa kwa mstari wake: aina, nguvu ya mashine, kama ni mpya, idadi, bei ya moja na jumla, nchi ilikotengenezwa, na namba ya ushuru. Wakala wako ndiye athibitishe namba hizo, si muuzaji.

Kama unaleta nyavu, na watu wa Shela, Kizingitini na Faza huniuliza hilo mara kwa mara, andika ni nyavu za uzi gani. Nyavu za monofilamenti zimepigwa marufuku Kenya, na mstari uliosema "nets" pekee unaalika maswali hata kama zako ni halali.

Kubaliana pia na masharti ya bei. FOB maana yake bei inaishia mzigo ukiwa melini kule kwao, na nauli na bima ni juu yako. CFR nauli imo, bima haimo. CIF vyote vimo. Chagua FOB au CFR, na sababu iko hatua ya 4.

3. Fungua IDF. Hii ni fomu ya kutangaza kwamba unaagiza mali. Wakala huijaza kwenye mfumo wa mtandaoni wa KenTrade, shirika la serikali la vibali vya biashara, akitumia profoma yako na PIN yako. Ada yake ni asilimia 2.5 ya thamani ya forodha, na thamani hiyo ni bei ya mali pamoja na nauli na bima. Mzigo wa ami ulikuwa hivi: mali dola 18,600, nauli 1,100, bima 150, jumla 19,850. Ada ya IDF ikawa kama dola 496. Ushuru, kodi ya VAT na tozo ya reli huja juu ya hapo. Mwambie wakala akuandikie hesabu nzima kabla hujalipa mali.

IDF ifunguliwe mzigo haujasafiri. Wengi huichukulia kama karatasi ya kutolea mzigo, wakaiacha mpaka meli ikaribie. Lakini namba yake ndiyo anayoihitaji mkaguzi wa hatua ya 5 kule ng'ambo. Bila namba hiyo hawezi kuanza.

4. Nunua bima hapa Kenya. Tangu Januari 2017 mwagizaji anatakiwa kukata bima ya shehena kwa kampuni iliyosajiliwa Kenya. Ukinunua kwa CIF, muuzaji amekata bima kwao na amekutoza, kisha unaikata tena hapa. Ndiyo maana ya FOB au CFR. Ikate kabla mali haijapakiwa, na tarehe ya cheti itangulie tarehe ya kupakia.

5. Cheti cha ubora, CoC. Hapa simama. Hii ndiyo karatasi iliyomtia ami hasara, basi nitaieleza kwa utaratibu.

KEBS wana mpango wa kukagua mali kwenye nchi inakotoka, ulioanza 2005. Wameteua kampuni za ukaguzi huko nje, na kampuni hizo hukagua mali kabla haijapakiwa. Ikikubalika hutoa CoC. Anayeomba ukaguzi ni muuzaji, kwa sababu mali iko mikononi mwake. Anapeleka namba ya IDF, profoma au invoisi, na hati za majaribio za bidhaa kutoka kiwandani. Mkaguzi anapanga siku, anakuja ghalani, anahesabu, anasoma namba za mashine, anapiga picha.

Muuzaji wa ami alisema hivi, nami nainukuu kwa Kiswahili chake cha Dubai: "Usijali, ndugu yangu, karatasi zote nitakupa." Kwake yeye "zote" ni invoisi, pakinglisti na hati ya meli. Hakuwahi kusikia CoC, kwani wateja wake wengine si wa Kenya. Kontena likafungwa, likapelekwa bandarini. Siku ya tatu meli ikiwa baharini, wakala akauliza: "Ami, CoC?" Ami akajibu: "Hiyo ndiyo gani?"

Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha hauwezi kufanyika kontena likiwa katikati ya bahari. Kilichobaki kilikuwa kuomba KEBS wakague mzigo ukifika Mombasa. Njia hiyo ina malipo ya ziada, inakula siku, na mzigo ukikosa kiwango hautoki. Wa ami ulipita. Lakini siku zilizopotea zilihesabiwa na bandari pamoja na kampuni ya meli, na kila mmoja alileta bili yake.

Kwa hiyo, kwenye makubaliano na muuzaji andika wazi kwamba salio la malipo halitolewi mpaka uone nakala ya CoC. Si hati ya meli peke yake. Na mwombe akutumie jina la kampuni ya ukaguzi na tarehe waliyopanga. Muuzaji asiyeweza kukujibu hilo hajaomba.

6. Meli ikishapakia, dai tano zilizobaki. Sasa muuzaji anakupa invoisi ya mwisho, pakinglisti, hati ya meli na cheti cha asili ya mali. Wewe unaongeza ushahidi wa malipo kutoka benki yako.

Invoisi ya mwisho si profoma iliyobadilishwa kichwa. Ina namba yake, tarehe yake, na kiasi kilichouzwa kweli. Kama uliagiza mashine 14 na zikapatikana 13, invoisi iseme 13, na kiasi cha malipo ya benki kilingane nayo.

Pakinglisti ndiyo karatasi wanayoidharau wauzaji. Iandike kila kifurushi: kuna nini ndani, uzito wake wa jumla, uzito wa mali peke yake, na namba za mashine. Mkaguzi akifungua kontena, hiyo ndiyo anayoishika mkononi.

Hati ya meli, ambayo wakala ataiita BL, ndiyo inayosema nani mwenye mzigo. Kisanduku cha `Consignee` kiwe na jina la PIN, herufi kwa herufi. Omba rasimu yake kabla haijatolewa rasmi. Kurekebisha rasimu ni ujumbe mmoja. Kurekebisha baada ya kampuni ya meli kupeleka orodha ya mzigo forodhani ni maombi, ada na kusubiri. Hati halisi zikitumwa kwa kurua mpaka Amu zinaweza kukawia kuliko meli yenyewe, basi kama umeshamlipa muuzaji mwombe atoe mzigo kwa teleksi. Hapo anarudisha hati halisi kwa kampuni ya meli kule kwao, na ofisi ya Mombasa inaarifiwa iutoe bila wewe kuonyesha karatasi.

Cheti cha asili hutolewa na chemba ya biashara au mamlaka ya nchi ya muuzaji. Kidai hata akikwambia si lazima. Na angalia: mali iliyotoka Jebel Ali si lazima iwe imetengenezwa Emarati. Mashine za ami zilitengenezwa Japani, na ndivyo cheti kinavyopaswa kusema.

7. Zilaze karatasi zote mezani na uzisome pamoja. Kazi ya nusu saa, na hakuna anayeifanya. Soma mambo sita katika kila karatasi inayoyataja: jina, idadi ya vifurushi, uzito, thamani, maelezo ya mali, namba ya kontena. Tia alama kila penye tofauti.

Kwenye mzigo wa ami, pakinglisti ilisema kilo 1,240 na hati ya meli ilisema 1,420. Mtu alipiga namba kinyume, basi. Lakini mfumo haujui hilo. Unaona kilo 180 ambazo hazina maelezo.

8. Tuma mara moja, kwa majina yanayoeleweka. Usitume picha ya karatasi iliyowekwa juu ya mkeka. WhatsApp huibana picha, namba ndogo zinafifia, na wakala anasoma 3 kwa 8. Iweke iwe PDF, uitume kama faili. Majina yawe hivi:

```
01_PIN.pdf
02_Usajili.pdf
03_Idhini.pdf
04_Profoma.pdf
05_IDF.pdf
06_Bima.pdf
07_CoC.pdf
08_Invoisi.pdf
09_Pakinglisti.pdf
10_BL.pdf
11_Cheti_asili.pdf
12_Malipo_benki.pdf
```

Namba 04 mpaka 07 ni zile za kabla ya meli. Ikiwa mojawapo haipo, mwambie muuzaji asipakie. Karatasi ikirekebishwa, toleo jipya liitwe `08_Invoisi_v2.pdf` na umwambie wakala aifute ile ya kwanza. Nusu ya ugomvi niliousoma kwenye ile simu ulikuwa wa watu wawili wanaotazama invoisi mbili tofauti.

9. Sasa mwachie wakala, lakini umdai vyake. Yeye ndiye anayeingiza tamko la forodha kwenye mfumo wa iCMS, na mfumo hutoa namba ya malipo, PRN. Lipa kwa PRN moja kwa moja, wewe mwenyewe, badala ya kumtumia wakala fedha za kodi kwenye simu yake. Kisha anachukua kibali cha kampuni ya meli, yaani DO, mzigo unakaguliwa kama umechaguliwa, na forodha hutoa ruhusa ya kuondoka. Omba nakala ya kila moja siku inapotoka.

Hesabu siku zako. Kwa mali inayobaki Kenya, bandari ya Mombasa huacha siku 4 bila ada ya kuhifadhi. Siku za bure za kontena ni suala jingine, na hizo huamuliwa na kampuni ya meli; ziulize kabla ya kupakia maana huweza kuongezwa kwa mazungumzo wakati huo, si baadaye. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha ili tamko liwe limeingizwa. Watu husikia "siku 21" wakadhani ni siku za kupumzika. Bili inakuwa imeanza zamani.

10. Mzigo ukitoka, karatasi zisafiri nao. Ami alishusha mali kutoka kwenye kontena huko huko Mombasa na kulirudisha tupu, kisha mali ikaja kwa lori: Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, halafu kwa boti mpaka gatini. Kulileta kontena lenyewe mpaka Mokowe ni kulilipia siku za kuja na kurudi. Dereva apewe nakala za tamko, risiti ya kodi, ruhusa ya forodha na pakinglisti, maana vizuizi vya barabara hiyo si vichache. Wakala naye akupe risiti ya kurudisha kontena. Bila hiyo amana yako haitoki.

Mambo yakikwama

*Jina kwenye hati ya meli si la PIN.* Muuzaji aiombe kampuni ya meli irekebishe, kwa maandishi, kutoka upande wa kupakia. Wewe huwezi kuifanya ukiwa Mombasa kwa sababu si wewe uliyepakia. Usikubali kubadilisha PIN ili ilingane na jina lililokosewa; utakuwa umeingiza mali kwa jina la mtu mwingine.

*Uzito au idadi haikubaliani.* Tafuta kwanza ni karatasi gani iliyo sahihi. Kama kosa liko kwenye pakinglisti, muuzaji anatoa mpya leo hii. Kama liko kwenye hati ya meli, orodha ya mzigo iliyo forodhani nayo irekebishwe, na tamko lisiingizwe kabla ya hapo. Kwa ami ilikuwa la pili, na lilichukua siku tano.

*Forodha hawaikubali thamani.* Hapa ndipo karatasi namba 12 inapofanya kazi. Peleka uthibitisho wa benki, profoma, na mazungumzo ya bei na muuzaji. Uliyelipa taslimu kupitia mtu anayesafiri, bila karatasi, huna cha kuonyesha. Na ukiwa umepunguza bei kwenye invoisi kwa makusudi, usitarajie karatasi hii ikutetee, kwa sababu itakuonyesha.

*CoC haipo na meli iko njiani.* Usingoje ifike. Siku hiyo hiyo mwambie wakala aombe ukaguzi wa KEBS bandarini, na mwambie muuzaji atume hati za majaribio za kiwanda na picha za namba za mashine. Ami alipoteza siku sita akibishana na Dubai kuhusu nani mwenye kosa, kabla ya ombi kupelekwa.

*Wakala anasema "kuna karatasi moja tu imebaki" kila siku.* Muulize jina lake, nani huitoa, na inahitajika hatua gani. Anayeijua kazi atakujibu kwa sentensi moja. Asiyejibu, ingia kwenye mfumo au mwombe picha ya skrini ya tamko lako uone limesimama wapi.

Mzigo ukishafika dukani usizitupe karatasi. Forodha wanaweza kuja kuzikagua baadaye, na sheria inataka zihifadhiwe miaka 5. Za ami ziko kwenye mkoba wa plastiki juu ya kabati, mbali na unyevu, na nakala zake ziko kwangu.